Ahadi ya Mwongo Nayo Ni Ahadi

Wako watu ambao wakidaiwa walichoahidi hujibu kwa utulivu kabisa: "Yale yalikuwa maneno tu, moyoni sikukusudia." Jibu hilo hutolewa na fundi kwa mteja, na kaka kwa mdogo wake, na mgombea kwa waliomchagua. La kusikitisha zaidi ni kwamba wanaojibiwa hivyo mara nyingi hunyamaza, kana kwamba ahadi isiyotoka moyoni haikuwa ahadi tangu mwanzo. Fikra hiyo ni potofu, na inafaa ing'olewe.

Aliyeichambua vizuri ni John Langshaw Austin, mwanafalsafa Mwingereza wa Chuo Kikuu cha Oksifodi, katika mihadhara aliyoitoa Havadi, Marekani, mwaka 1955. Alifariki mwaka 1960, na mihadhara hiyo ikachapwa kitabu mwaka 1962. Austin aliona kwamba wanafalsafa walizoea kuipima kila kauli kwa kuuliza kama ni ya kweli au ya uongo, wakasahau kwamba ziko kauli zisizoeleza jambo bali hulitenda. Bwana harusi anapomjibu walii kwamba amekubali kuozwa, hatoi habari za ndoa, anaoa. Hakimu anapotamka kwamba mshtakiwa ana hatia, hasimulii yaliyopita. Anambadilisha mtu huyo kutoka mtuhumiwa kuwa mfungwa mtarajiwa. Kauli za namna hii hazipimwi kwa ukweli tu. Huulizwa kwanza kama zimetimia.

Nazo hutimia kwa masharti. La kwanza, pawepo utaratibu unaotambuliwa na jamii, na wahusika na mazingira wawe wale wanaostahili. La pili, utaratibu huo utekelezwe sawasawa na mpaka mwisho. La tatu, msemaji awe na nia inayotakiwa, na baadaye atende kulingana na alichosema. Lakini masharti haya hayana uzito mmoja. La kwanza au la pili likivunjwa, kitendo ni batili: hakikufanyika. La tatu likivunjwa, kitendo kimefanyika, ila kimefanyika kwa hadaa.

Mfano wa sharti la kwanza Wakenya wanaukumbuka. Tarehe 28 Novemba 2017 Uhuru Kenyatta aliapishwa katika uwanja wa Kasarani mbele ya Jaji Mkuu David Maraga. Tarehe 30 Januari 2018, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Raila Odinga naye alishika Biblia mbele ya umati mkubwa akaapa kuwa rais wa wananchi. Palikuwa na kiapo, kitabu kitakatifu na mashahidi wengi. Hata hivyo Katiba ya Kenya inataka rais mteule aape mbele ya Jaji Mkuu, au naibu wake asipokuwapo, na rais mteule ni yule aliyetangazwa mshindi na tume ya uchaguzi. Kwa hiyo maneno ya siku ile hayakuhamisha madaraka ya dola. Yalitimia kama jambo jingine, yaani tamko la upinzani, na serikali yenyewe iliona uzito wake: vituo vya televisheni vilizimwa, na mbunge T. J. Kajwang', aliyekuwa jukwaani wakati wa kiapo, akakamatwa siku iliyofuata. Sauti moja inaweza kushindwa kuwa kitendo hiki na ikafaulu kuwa kile.

Kasoro ya sharti la pili ilionekana Washingtoni tarehe 20 Januari 2009. Barack Obama alistahili kuapa, na Jaji Mkuu John Roberts alistahili kumwapisha, ila Roberts alipokuwa akimtamkia kiapo alilihamisha neno lenye maana ya "kwa uaminifu" kutoka mahali pake katika Katiba, na Obama akafuata. Wanasheria wengi waliona hakuna kilichoharibika. Hata hivyo, kesho yake kiapo kilirudiwa ndani ya Ikulu ili asibaki mtu wa kudai kwamba nchi haina rais aliyeapa. Ikulu ile haikurudia kiapo kwa kutilia shaka nia ya Obama. Ilirudia kwa sababu ya mpangilio wa maneno.

Upande wa hukumu, jambo ni lilelile. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia tarehe 22 Juni 1986 huko Meksiko, Diego Maradona aliutia mpira wavuni kwa mkono. Mwamuzi Ali Bennaceur wa Tunisia hakuuona mkono huo, akakubali bao, na Ajentina ikaitoa Uingereza mabao 2 kwa 1. Uamuzi ule haukulingana na ukweli, lakini ulikuwa uamuzi halali, kwa kuwa aliyeutoa ndiye mwenye filimbi. Picha za mkono zimeonyeshwa tangu hapo bila kubadili matokeo. Mahakamani pia, hukumu ya jaji aliyekosea haiyeyuki yenyewe kwa sababu mshtakiwa anajua hana hatia. Husimama mpaka mahakama ya juu iitengue. Ndiyo maana rufaa iliwekwa.

Sasa turudi kwenye ahadi. Mmarekani John Searle, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliyapanga masharti yake kwa makini. Ahadi huhusu tendo la baadaye la mwahidi mwenyewe. Tendo hilo liwe linatakiwa na anayeahidiwa, maana lisilotakiwa ni tishio. Lisiwe jambo ambalo ni dhahiri lingetokea vivyo hivyo. Mwahidi awe na nia ya kulitenda. Na juu ya yote, kwa kutamka anajifunga wajibu.

Tuchukue fundi cherehani anayepokea kitambaa na malipo ya awali, akasema, "Njoo Ijumaa, gauni litakuwa tayari," huku akijua kazi alizonazo hazitakwisha wiki hiyo. Tendo ni lake, mteja analitaka, siku imetajwa. Kilichokosekana ni nia, na nia imefichwa. Mteja aliyeahirisha mipango yake kwa kuamini kauli ile ameahidiwa kweli, na fundi ana makosa mawili: kuahidi bila nia na kutotimiza. Uongo wake haumpunguzii deni, bali unaliongeza.

Wanazuoni wa fikihi wa pwani yetu hawatashangaa. Wao husomesha hadithi isemayo kwamba katika ndoa, talaka na rejea, mzaha huhesabiwa sawa na kweli. Mume aliyetamka talaka hawezi kuifuta kwa kusema alikuwa akitania. Kama kila neno lingengoja ushahidi wa moyo, hakuna mke angejua kama ameolewa wala mdai angejua kama anadai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapoahidiwa, sikiliza unachoahidiwa. Anayesema "tutaangalia" au "nitajaribu" hajajifunga, na usimdai zaidi ya alichotoa. Diwani anayekuahidi kufuta kodi iliyowekwa na Bunge anaahidi kisicho chake. Mtake aahidi kilicho katika mamlaka ya baraza lake, na ataje lini. Akishaahidi hivyo mbele ya watu, kisha akaja kusema hakukusudia, usibishane naye juu ya moyo wake. Mwambie kwamba ahadi ilitimia siku ile alipoitamka, na kwamba kilichobaki ni yeye kuitekeleza.