Fungua dirisha, mpe mkono

Leo baada ya ibada wengi wetu tutabeba kikapu na kwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni agizo la Bwana mwenyewe. Katika Mathayo 25 aliwahesabu waliomwendea mgonjwa kuwa wamemwendea yeye. Lakini hebu tujiulize: tukishaondoka wodini, mgonjwa hubaki na nini?

Nakumbuka safari moja. Tulitoka Samuye watu kumi na mmoja wa kwaya, kwenda kumwona mzee wetu aliyekuwa akiimba besi. Ujanani alifanya kazi ya kuponda mawe kwenye machimbo madogo ya dhahabu huko Geita. Sasa alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, pamoja na kisukari. Tulibeba michembe, kuku wa kukaanga, maziwa mgando na soda mbili kubwa.

Tulifika muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Tukambembeleza mlinzi mpaka akalegea, tukaingia wote. Mzee alikuwa anakohoa, basi mama mmoja akafunga dirisha ili upepo usimsumbue. Tukaimba, tukaomba karibu nusu saa. Mwenzetu mwingine alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mzee alipomnyooshea mkono mmoja wetu, huyo aliuficha wake ndani ya kanga, akaitikia kwa kichwa.

Baada ya wiki moja binti yake aliyekuwa akimuuguza aliniambia, "Baba hakulala usiku ule. Anauliza kama amekuwa najisi."

Msomaji wangu, siku ile tulikosea mara mbili, na makosa yenyewe yalikuwa kinyumenyume. Tuliogopa kisichoambukiza, tukakumbatia kinachoambukiza.

Kifua kikuu hakienei kwa kushikana mikono, wala kwa sahani, kikombe au shuka. Kinaenea kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuongea au kuimba, vijidudu hutoka na kuelea. Chumba kikiwa kimefungwa, huweza kukaa hewani kwa saa kadhaa. Dirisha likiwa wazi, upepo huwatawanya na kuwatoa nje. Ndiyo maana wauguzi husisitiza madirisha yaachwe wazi hata kukiwa na baridi. Yule mama aliyefunga dirisha alifanya hivyo kwa huruma, lakini alitufungia ndani na ugonjwa. Ule mkono uliofichwa kwenye kanga haukumkinga mtu yeyote.

Mtoto yule mchanga ndiye aliyekuwa hatarini kuliko sisi sote, kwa sababu watoto wadogo wakiambukizwa huugua haraka, na ugonjwa unaweza kufika hadi kwenye ubongo. Anayefuata ni mtu ambaye kinga yake imeshuka. Na katika ukanda wetu wapo pia waliofanya kazi migodini. Vumbi la mawe yanayopondwa huumiza mapafu na kuyafanya yashindwe kupambana na kifua kikuu, na hatari hiyo hubaki hata miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Kama wewe ni mmoja wao, salamu zako zitume kwa simu mpaka muuguzi aseme mgonjwa haambukizi tena. Kwa kawaida maambukizi hupungua sana ndani ya wiki chache za kumeza dawa vizuri, ingawa matibabu yenyewe huchukua miezi sita au zaidi. Wengine ingieni wawili wawili, mgonjwa avae barakoa, nanyi mkae karibu na dirisha lililo wazi. Kisha mpe mkono, na ukitoka unawe kwa sabuni, maana wodini kuna vijidudu vingine vinavyosafiri kwa mikono.

Sasa tuangalie kikapu chetu. Soda ile haikumfaa mwenye kisukari. Kuku alikuwa mzuri, lakini dawa zilikuwa zinamtia mzee kichefuchefu, hakula. Binti akamhifadhi chini ya kitanda, na kwa joto la Shinyanga asubuhi alikuwa ameharibika. Maziwa yalikuwa yamegandishwa bila kuchemshwa, na maziwa mabichi hubeba magonjwa ya ng'ombe. Michembe ndiyo iliyodumu, ingawa ni viazi vitamu na mwenye kisukari anapaswa kula kwa kiasi.

Binti yule alihitaji nini? Sabuni ya kufulia, kwa sababu alikuwa anafua shuka za baba yake kila siku. Nauli ya kurudi Samuye kuchungulia watoto aliowaacha kwa jirani. Na mtu wa kumpokea kwa usiku mmoja, apate kulala. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Zawadi ndogo iliyo bora huanza kwa simu kwa yule anayeuguza: "Ameruhusiwa kula nini? Muda wa kuona wagonjwa ni saa ngapi? Wewe umepungukiwa na nini?" Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo huenda hajaruhusiwa hata uji. Mgonjwa wa figo anaweza kudhuriwa na ndizi au machungwa, matunda tunayoyaona hayana neno. Chakula chochote, mwonyeshe muuguzi kwanza.

Kuna na magonjwa ambayo mlango hufungwa kabisa. Mwezi Januari 2025 Serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo, jirani zetu wa Kagera. Ugonjwa huo, tofauti na kifua kikuu, huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Hapo hata mkono hautolewi. Ndugu hubaki nje, na upendo hupita kwa simu. Tusidhani kwamba kuzuiwa getini siku kama hizo ni kukosa imani. Tofauti hii ndiyo sababu ya kumuuliza muuguzi: huu unapitia wapi, na mimi nifanye nini?

Bado moyo wa mgonjwa. Siku ile mmoja wetu aliona mkojo wa mzee umekuwa mwekundu, akanong'ona, "Ni damu hiyo." Mzee alisikia. Kumbe ni moja ya dawa za kifua kikuu inayogeuza rangi ya mkojo, tena haina madhara, na muuguzi alikuwa amekwisha kumweleza. Neno letu moja likafuta maelezo yote ya muuguzi. Fikiria kama angeacha dawa kwa hofu: ugonjwa ungerudi, pengine ukiwa sugu.

Rafiki watatu wa Ayubu walipomwendea, walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa sana. Walikuwa wageni wema mpaka walipofungua vinywa na kuanza kutafuta chanzo cha msiba wake. Sisi hatuna siku saba. Dakika kumi zinatosha. Usimuulize amepimwa nini, wala usimsimulie fulani aliyekufa kwa ugonjwa kama wake. Mwulize kama anataka kuombewa, na uombe kwa sauti ya chini, maana kitanda cha pili kuna mwenzake anayejaribu kulala. Akigeukia ukutani, usikasirike. Mwage na uondoke.

Nilirudi kwa mzee yule nikiwa peke yangu, na kipande cha sabuni na nauli ya binti. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimpa mkono, akaushika muda mrefu bila kusema kitu.

Leo ukifika wodini, kabla hujatua kikapu, angalia dirisha. Kisha nyoosha mkono, kama muuguzi amekuruhusu.

Jumapili njema.