Tiketi ni ya safari, si ya behewa
Na Halima Abdi Noor

Mafuriko ya mto Tana yalipoikata barabara ya Garissa na Madogo, Novemba 2023 na tena Aprili 2024, abiria waliokuwa wakienda Nairobi waliishia kwenye maji. Walivuka kwa boti, wakatafuta gari jingine ng'ambo. Swali lililowakera wengi lilikuwa moja: nauli niliyolipa ilikuwa ya kunifikisha wapi?

Uingereza, waliko ndugu zetu wengi, jibu limeandikwa. Reli hukarabatiwa hasa wikendi na sikukuu, na kipande kilichofungwa huhudumiwa na mabasi ya badala. Tiketi ya treni inakubalika ndani ya basi hilo bila kuongeza hata senti. Hata tiketi ya bei nafuu iliyofungwa kwa treni moja haipotezi haki kwa sababu ya ukarabati. Ratiba ikibadilishwa baada ya kuinunua, nawe ukaamua kutosafiri, unarudishiwa pesa zote.

Muda ndio mtihani. Tuseme mama kutoka Garissa amemtembelea bintiye Leicester, na Jumapili ana ndege ya saa mbili usiku uwanja wa Heathrow. Siku ya kawaida treni hufika St Pancras, London, kwa muda wa saa moja na dakika chache. Njia ikifungwa kati ya Bedford na Luton, atashuka, atafute kituo cha basi, ambacho huenda kiko nje ya stesheni, apande basi, kisha treni nyingine. Safari hiyo yaweza kula saa tatu. Akitaka kuwa uwanjani saa kumi na moja jioni, na treni ya chini ya ardhi kutoka St Pancras ichukue saa moja, basi aondoke Leicester saa saba. Mimi ningemwambia aondoke saa sita, kwa sababu basi hukwama kwenye msongamano, nayo treni ya Luton haimsubiri.

Asitegemee fidia. Fidia ya kuchelewa hupimwa kwa ratiba mpya ya siku hiyo, si ile aliyoizoea. Saa mbili zilizoongezwa na basi tayari zimo ndani yake, kwa hiyo hazilipwi. Ratiba hiyo aitazame anaponunua tiketi, kisha tena siku moja kabla ya safari.

Kwetu, mpango wa LAPSSET unataka reli ipite Garissa ikitoka Lamu kwenda Isiolo. Hakuna haja ya kusubiri reli ili kanuni iandikwe. Kampuni ya basi inayouza tiketi ya Garissa hadi Nairobi ichapishe juu yake kwamba barabara ikikatika, gari la ng'ambo ni jukumu lake, na abiria asiyetaka kuendelea arudishiwe nauli. Mamlaka ya usafiri, NTSA, iifanye hiyo kuwa sharti la leseni kabla ya mvua za vuli.