Utitiri wa nyuki hujificha usipoutazamia

Ukiona nyuki mchanga akitambaa mbele ya mzinga, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyoloa maji, huenda mzinga huo umevamiwa na varoa. Huyu ni utitiri mwekundu-kahawia, mdogo kama kichwa cha pini, ambaye hunyonya nyuki na kumwambukiza virusi. Hapa Kenya aligunduliwa mwaka wa 2009.

Kumtafuta kwa macho ni kazi bure, maana hujibana chini ya tumbo la nyuki. Dawa ya kumfichua ni sukari laini ile ya kupambia keki. Toa sega lenye watoto wa nyuki, uhakikishe malkia hayupo hapo, kisha ukung'ute nyuki nusu kikombe, yaani kama 300. Watie katika chupa yenye kifuniko cha wavu, uongeze vijiko viwili vya sukari, uwabiringishe taratibu kwa dakika moja na uwaache mbili zaidi. Halafu tikisa chupa kichwa chini juu ya sinia nyeupe yenye maji. Sukari huyeyuka, utitiri ukabaki ukionekana. Nyuki hurudi mzingani wazima, ingawa wamekasirika! Lakini sukari ikiwa na unyevu huganda, nawe utahesabu wachache kuliko walivyo.

Tuseme umepata tisa. Hiyo ni watatu kwa kila nyuki 100, kiwango ambacho wafugaji wengi wa Marekani hukitumia kuamua kutibu. Katika mzinga wa nyuki 30,000, ni utitiri 900. Hata hivyo, hao ni wa nje tu. Wenzao wanazaana ndani ya vyumba vya watoto vilivyozibwa kwa nta, na aghalabu hao ndio wengi. Tuseme ni 1,800.

Sasa tia asidi ya oksaliki, ambayo haipenyi nta. Ikiua tisa katika kila kumi, watakufa 810 na kubaki 1,890. Umepoteza dawa yako bure. Lakini ukisubiri wakati mzinga hauna watoto, wote 2,700 watakuwa nje, na watakaosalia ni 270.

Ulaya, wakati huo huja wenyewe katikati ya baridi. Kwingineko, mfugaji humfungia malkia kitunduni siku 24, muda ambao hata nyuki dume wa mwisho huwa ameanguliwa. Hata hivyo wa Ulaya hawangoji baridi pekee. Hutibu pia mwishoni mwa kiangazi, kabla ya kulelewa kwa nyuki watakaovuka majira hayo, wakitumia asidi ya fomiki inayopenya nta.

Je, wewe uliye na mizinga Kitui au Baringo? Usikimbilie dawa. Nyuki wetu wa Kiafrika kwa kawaida huishi na varoa bila kutibiwa, na watafiti waliowapima humu nchini hawakuona sababu ya kuwatilia kemikali. Hesabu tu, na uandike tarehe.