Katoni Moja Si Chupa 24: Barua ya Wazi kwa Meneja wa Kodi

Ndugu Meneja,

Duka langu hapa Katoro lilikaa siku 11 na kufuli la ofisi yako mlangoni. Mkaguzi wako alidai nimeuza chupa 3,600 za maji bila risiti. Chupa hizo hazijawahi kuwepo.

Maji nanunua kwa jumla Kahama, kwa katoni. Dukani nauza chupa moja moja, hasa kwa vijana wanaoelekea maduarani Rwamgasa. Risiti ya muuzaji wa jumla ilisomeka `MAJI CTN 300`, basi. Ujazo wa chupa haukuandikwa. Mkaguzi akazidisha katoni 300 kwa 24, akapata chupa 7,200. Chupa 24 ni katoni ya maji madogo ya nusu lita. Mimi nilinunua makubwa ya lita moja na nusu, na katoni niliyonunua ina chupa 12. Jumla ni 3,600. Mashine yangu ya risiti ilionyesha nimeuza 3,480, na rafuni zilibaki 120. Hakuna hata moja iliyopotea.

Kosa hili lilijionyesha lenyewe. Toa 3,600 zangu kwenye 7,200 za mkaguzi, unapata zile chupa 3,600 "zilizofichwa". Zigawanye kwa katoni 300: unapata 12 kamili, bila baki. Mwizi haibi chupa 12 katika kila katoni, wala mkwepa kodi hafichi kwa mpangilio huo. Upungufu unaogawanyika sawasawa kwa idadi ya katoni ni wa kizidisho. Na bei ingemwambia mkaguzi vilevile. Katoni nililipa shilingi 8,400. Ukigawa kwa 24, chupa ni 350. Nani Kahama anauza maji ya lita moja na nusu kwa bei hiyo? Ukigawa kwa 12, ni 700, nami nauza 1,000.

Nilimwomba afungue katoni moja tu ahesabu. Akafunga duka.

Siku 11, Meneja. Msimamizi wa duara aliyekuwa akichukua maji kwangu kila asubuhi alisubiri siku mbili, kisha akahamia kwingine, na hajarudi. Msaidizi wangu alikosa posho. Siku 11 kwa sababu ya 24 iliyokaa mahali pa 12!

Pingamizi langu nimeliwasilisha ndani ya siku 30 za kisheria. Lakini hata wenye sabuni, biskuti na betri hapa Katoro wananunua kwa katoni na kuuza kwa pisi, na hesabu zao zinapita mikononi mwa watu walewale. Nadai mkaguzi aandike kizidisho alichotumia kwa kila bidhaa, amwonyeshe mwenye duka, na wahesabu pamoja katoni moja kabla ya kufuli. Nadai pia wauzaji wa jumla walazimishwe kuandika kwenye risiti ujazo na idadi ya vipande.

Katoni tatu tupu nimeziacha kwa mlinzi wako getini. Ubavuni zimeandikwa `12 x 1.5L`.

Mwenye duka, Katoro