Maoni: Nambari ya fishi ikipotea, tarehe ya upasuaji inaweza kuokoa dosie

KAVUMU – Tangu vita ilipofika Kavumu na uwanja wake wa ndege, kisha Bukavu, mwezi wa Februari 2025, jamaa nyingi zilihama zikiwa na watoto, vitenge na sufuria. Karne za hospitali zilibaki nyumbani, na nyingine zililowa mvua njiani. Leo, mgonjwa akifika mbele ya biro ya dosie kuomba nakala ya karatasi zake, swali la kwanza huwa lile lile: «Nambari yako ya fishi ni ngapi?» Asipokuwa nayo, mara nyingi anarudi mikono mitupu.

Jambo hilo linaweza kubadilika bila mashini mpya na bila makuta mengi. Nambari ni njia moja tu ya kuifikia dosie. Kuna njia nyingine, na wafanyakazi wa hospitali wanaifahamu vizuri: daftari za kila sirvisi. Daftari ya kulaza wagonjwa, daftari ya maternite na daftari ya chumba cha upasuaji, zote hujazwa siku kwa siku. Hazifuati majina kwa alfabeti. Anayeijua tarehe na sirvisi anaweza kuonyesha ukurasa wenyewe, na kwenye ukurasa huo huwa kuna jina, umri, mahali mgonjwa alikotoka na kazi iliyofanyika. Anayetoa jina tu anamtuma karani kupekua mwaka mzima.

Isitoshe, jina peke yake hudanganya. Katika Kabare, akina Furaha na akina Nsimire wanaweza kuwa watatu katika chumba kimoja kwa usiku mmoja. Mwandishi mmoja anaandika Cirhuza, mwingine anaandika Chiruza. Mama anaweza kuandikwa kwa jina la baba yake alipoingia, na kwa jina la mume wake alipotoka. Ndiyo maana barua ya kuomba dosie itaje jina jinsi lilivyoandikwa siku ile, pamoja na majina mengine yote ambayo mgonjwa anaitwa.

Chukua mfano wa mama wa miaka 27 kutoka Kavumu, ambaye sasa anaishi kwa ndugu kisiwani Idjwi. Ana mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa njia ya kawaida, wa pili kwa kupasuliwa mwaka 2022. Muganga wa huko anamuuliza: walikukata namna gani ndani? Mama anaonyesha kovu la tumbo. Lakini kovu la ngozi halisemi mkato wa kizazi ulikuwaje. Ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa kulala, na kizazi kikawa kimekatwa kwa kusimama.

Tofauti hiyo ni ya uhai. Kizazi kikikatwa kwa kulala katika sehemu yake ya chini, hatari ya kupasuka wakati wa uchungu wa mimba inayofuata huwa chini ya mama mmoja kati ya mia. Kikiwa kilikatwa kwa kusimama katika sehemu ya juu, hatari hiyo inaweza kufika wanne hadi tisa kati ya mia. Mama wa kwanza, muganga anaweza kumruhusu ajaribu kuzaa kawaida, iwapo chumba cha upasuaji kiko karibu. Mama wa pili anapaswa kupasuliwa kabla uchungu haujaanza. Karatasi inayojibu swali hilo inaitwa protokole ya upasuaji, na mara nyingi huwa ni ukurasa mmoja tu.

Kwanza mama huyo ajue ni nyumba gani yenye karatasi. Kavumu iko katika zone ya afya ya Miti-Murhesa. Mgonjwa huanzia sante, na hali ikizidi anatumwa hospitali kuu ya zone. Wengine hupelekwa mpaka Bukavu, kwenye Hospitali Kuu ya Provensi au Panzi. Kila nyumba hubaki na karatasi za kazi iliyofanya yenyewe. Sante iliyomtuma mama inaweza kuwa na nakala ya barua ya transferi, lakini protokole iko pale alipopasuliwa. Watu wengi hupoteza siku mbili wakiuliza kwenye mlango usio wake.

Tarehe nayo si ngumu kuipata. Siku ya upasuaji ndiyo siku ya kuzaliwa kwa mtoto, na siku hiyo imeandikwa kwenye karte yake ya chanjo. Karte hiyo ikipotea, tarehe ya kuzaliwa itafutwe kwenye karatasi ya ubatizo au kwa ndugu anayeikumbuka. Kuna mtego mmoja: mama akifika jioni na kupasuliwa baada ya saa sita ya usiku, tarehe ya kuingia na tarehe ya upasuaji zinatofautiana kwa siku moja. Barua izitaje zote mbili, ili karani asome kurasa mbili na asiishie kwenye ya kwanza.

Barua yenyewe haihitaji maneno mengi. Inaandikwa kwa daktari mkurugenzi wa hospitali, na biro ya dosie inatajwa chini yake. Anayejua Kifaransa aiandike kwa Kifaransa, kwa kuwa dosie nyingi ziko katika lugha hiyo. Asiyejua aandike kwa Kiswahili. Kwa mama wa Idjwi, ingesomeka hivi:

«Mimi, (majina yote), niliyeandikwa kwenu kama (jina la siku ile), miaka 27, niliyekuwa nikiishi Kavumu, grupema ya Bugorhe, naomba nakala ya protokole ya upasuaji na ya karatasi ya kutoka hospitalini. Niliingia maternite jioni ya tarehe 11 Septemba 2022, nikapasuliwa usiku huo kuamkia tarehe 12. Mtoto ni wa kike. Nambari ya fishi ilipotea wakati wa kukimbia vita. Sababu: nina mimba ya miezi saba, na muganga anayenifuata anahitaji kujua kizazi kilikatwa namna gani. Ninamtuma shemeji yangu, (majina yake), mwenye kadi ya mpiga kura nambari (…), achukue nakala hizo katika bahasha iliyofungwa. Simu ya kuniita ni (…).»

Chini yake kuna tarehe na sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole mbele ya mashahidi wawili, nao watie majina yao. Shemeji anabeba barua mbili zinazofanana. Moja inabaki hospitalini. Ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe, na anarudi nayo. Bila muhuri huo, wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba barua ilifika.

Sababu inayotajwa katika barua ina kazi yake. Ndiyo inayoamua karatasi ipi itolewe. Dosie ya maternite inaweza kuwa na matokeo ya kipimo cha virusi vya ukimwi na mambo mengine ambayo mama hataki shemeji ayasome. Akiomba «dosie yote», yote hutoka. Akiomba protokole na karatasi ya kutoka, siri nyingine inabaki kabatini. Bahasha ifungwe kwa sababu hiyo hiyo, na karatasi isipigwe picha na kuzungushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Karani pia analindwa na barua yenye sahihi, kwa sababu kifungu cha 73 cha kanuni ya jinai ya Kongo kinamwadhibu anayefichua siri aliyoipata kwa kazi yake. Hospitali ikikataa kumpa dosie mtu asiye na barua ya mgonjwa, inafanya vizuri, na jamaa zisikasirike.

Sababu ikiwa ni mahakama, njia inabadilika. Kavumu inalijua hilo kuliko miji mingi. Tarehe 13 Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini, ikikaa hapa hapa Kavumu, iliwahukumu Frederic Batumike na watu wa kundi lake kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa ajili ya watoto wa kike karibu 40 waliobakwa kati ya 2013 na 2016. Watoto wengi walitibiwa Panzi, na karatasi za waganga zilikuwa sehemu ya ushahidi. Kwa kesi ya namna hiyo, tangu sheria za 2006 juu ya ubakaji, ofisa wa mashitaka ndiye humwandikia muganga kumwomba uchunguzi na ripoti yake. Nakala ambayo familia imejichukulia haishiki nafasi ya ripoti hiyo. Familia yenye kesi ianzie kwa mwanasheria au kwa ofisi ya mashitaka.

Shemeji akipokea bahasha asikimbilie boti. Aombe karani aifungue mbele yake, waangalie mambo manne tu: jina na tarehe ni za mama huyo, pande zote mbili za karatasi zimenakiliwa, maneno yanasomeka, na kuna muhuri na sahihi. Kisha ifungwe tena. Makosa ya kawaida ni upande wa nyuma kusahauliwa, na mara nyingi maelezo ya mkato wa kizazi yako hapo nyuma. Karatasi ya asili ibaki hospitalini siku zote. Inayotoka ni nakala.

Na dosie isipopatikana? Inawezekana, kwa kuwa vita imepita. Hapo biro itoe dondoo ya daftari ya chumba cha upasuaji, au iandike kwa mistari miwili kwamba imetafuta tarehe hizo na haikupata. Hata jibu hilo lina faida. Muganga wa Idjwi ataacha kungoja, atalichukua kovu kama lisilojulikana, na kumpanga mama azalie penye chumba cha upasuaji, asianzie uchungu sante.

Limebaki la malipo. Fotokopi ina bei yake, na ni haki ya hospitali kuidai, bei ikijulikana mapema na risiti ikitolewa. Lakini deni la zamani la kulazwa lisiwe sababu ya kuzuia ukurasa mmoja wa protokole. Deni lina njia zake za kudaiwa. Mimba ya miezi saba haingoji mpaka jamaa iliyopoteza shamba na mbuzi ipate franka za kulipa.

Kinachotakiwa kwa biro za dosie ni karatasi moja ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Mashi: majina yote uliyoandikwa, tarehe ya kuingia na ya kupasuliwa, sirvisi, mahali ulipotoka, karatasi unayoomba na sababu, nani ataichukua. Nambari ya fishi iwekwe mwisho wa orodha, na pembeni yake maneno haya: kama unayo.