Nani aende ushago Krismasi?

Wasee, mimi husimamia duka Kawangware. Makeshia wawili wameomba likizo wiki ya Krismasi na naweza kuachilia mmoja tu. Wa asubuhi aliomba kwanza. Lakini wa usiku hutoka Kibera jioni, anafika ofisi ishafungwa, so hiyo foleni ilikuwa ya nani? Nikafungua daftari la mwaka jana: wa asubuhi alienda ushago, wa usiku akabaki. Basi wa usiku anaenda tarehe 20 hadi 27.

Wa asubuhi nikamuomba agawe siku zake: chache kuanzia 28, zingine Aprili. Ni kumuomba, si kumlazimisha, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku 21 za kazi kwa mwaka, na kuzigawa kunataka akubali. Amekubali, lakini amenuna. Kumbe tiketi ya basi alishalipa.