Kununua Ardhi Msambweni: Madai Manne Yasiyosimama

Kutoka Ukunda hadi Ramisi, anayepata kiinua mgongo au pesa za kazi ya ughaibuni huambiwa anunue ardhi asubiri utajiri. Ushauri huo husimama juu ya madai manne. Nayajibu moja moja, kwa sababu wanaoumia ni watu walioweka humo akiba ya maisha yao yote.

"Ukishapata hatimiliki, hakuna wa kukugusa."

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaitambua hatimiliki kama ushahidi wa umiliki, lakini kinaruhusu ifutwe ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, kinyume cha sheria au bila kufuata utaratibu. Tazama kesi ya Dina Management, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Aprili 2023. Kampuni hiyo ilinunua kiwanja cha ufuoni Nyali ambacho kwanza alikuwa amegawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, kisha kikauzwa kwa kampuni nyingine kabla ya kuifikia. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Mahakama ilisema ardhi hiyo ilikuwa ya umma, ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo mnunuzi wa baadaye hakuwa na hati ya kulindwa.

Hapo ndipo sachi pekee inapopungua. Inakuonyesha mwenye ardhi wa leo na kama kuna rehani au kizuizi. Namna ardhi ilivyotoka kwa mwenye wa kwanza haimo. Mwambie wakili adai nakala ya kadi ya kijani na faili ya kiwanja kutoka ofisi ya msajili Kwale, afuate kila uhamisho hadi mwanzo. Ardhi iliyo karibu na ufuo, barabara au shule ichunguzwe mara mbili.

"Shamba ni tupu, hakuna anayeishi."

Hapa kwetu anayelima anaweza kuwa anakaa kijiji cha jirani, akaacha shambani minazi, mikorosho na makaburi ya wazee wake. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, watu waliendelea kulima sehemu za ardhi yake. Serikali ilipoikodisha kwa kampuni ya KISCOL mwaka 2007, migogoro na wakulima ikafuata, na karatasi haikuizuia.

Sheria nayo inamtambua mkaaji. Aliyekalia ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imsajili kuwa mwenye nayo, na miaka hiyo haianzi upya eti kwa sababu shamba limeuzwa. Basi nenda na mpima, zikaguliwe bikoni, kisha uwaulize wazee na majirani nani aliipanda miti ile na nani anaivuna.

"Nikikwama nitauza."

Utauza, lakini si wiki utakayokwama. Mnunuzi mwenye pesa taslimu kwanza apatikane, afanye sachi yake, na mkataba wa kawaida humpa siku 90 za kukamilisha. Shamba la kilimo lazima lipate ridhaa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na bila ridhaa hiyo mauzo ni batili. Na ukimpata mnunuzi ambaye ni raia wa kigeni, hawezi kumiliki moja kwa moja. Katiba inampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Mwenye haraka ya karo au hospitali huishia kukubali bei ya anayemjua kuwa ana haraka.

"Ardhi haili chochote ikikaa."

Tupige hesabu ya mfano. Ploti ya mjini imenunuliwa kwa shilingi milioni 4 na kuuzwa milioni 8 baada ya miaka 8. Ushuru wa stempu, asilimia 4, ni 160,000. Wakili, sachi na mpima, 100,000. Ua, 400,000. Mlinzi wa 8,000 kwa mwezi ni 768,000. Dalali wa asilimia 3 ni 240,000. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni kama 465,000.

Bei imepanda maradufu, lakini ukiondoa hayo yote kinachobaki ni faida ya takriban milioni 1.87, sawa na asilimia 4 hivi kwa mwaka. Benki Kuu ya Kenya inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 5. Bei za vitu zikipanda kwa kiwango hicho, mwenye ploti hii amepoteza thamani, hata kabla ya kesi yoyote.

Ardhi ya kujenga, kulima au kurithisha watoto ina faida isiyongoja mnunuzi. Ya kungojea bei pekee inunuliwe kwa pesa ambazo hutazihitaji kwa miaka 10, baada ya historia yake kufuatiliwa hadi mwanzo na wavunaji wa miti yake kujulikana. Muuzaji asipokupa nafasi ya kufanya hivyo, usilipe hata amana.